Mstari Chini ya Mama Mkubwa

Mama Mkubwa haogopi mtu. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nasimulia habari za mwanamke mwoga. Ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu, mshona magodoro tangu ujana wake, mfupi, mpana, na mdomo anao. Siku moja mgambo aliingia karakana kutaka kutuondolea magunia yetu ya pamba kwenye baraza, Mama Mkubwa akamtolea ile sindano ndefu ya kufungia godoro akamwambia, "Sogea, baba, sogea tu, nikushone na wewe." Mgambo hakuonekana tena mtaani kwetu.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja kirefu chini ya ghorofa la wapangaji. Mlango wa bati, meza ya mbao, lundo la pamba upande mmoja, magunia ya sufi upande mwingine, na kitambaa cha mistari kimetundikwa juu ili panya wasikifikie. Vumbi la pamba linatukaa kwenye kope, mteja akiingia anadhani sote tumeshakuwa vikongwe. Mama Mkubwa anakata na kushona, mimi najaza na kupiga kingo, na mwanawe, ambaye mtaa mzima unamwita Dereva, anapeleka mzigo kwa pikapu na kupandisha ngazini. Hiyo ndiyo kampuni yetu. Wakurugenzi watatu, na kila mmoja anamwona mwenzake mvivu.

Mama Mkubwa alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: hakuna mtoto wa kuitwa wa kuletwa. Mama yetu alifariki ghafla akianika nguo, watu wakasema ni homa, na Mama Mkubwa akatuchukua Kaka na mimi siku ileile tuliyotoka makaburini. Sisi tulikuwa tumeshapata akili, tulijua mama yetu ni nani. Lakini jirani mmoja alipomwambia Kaka, "Huyu si mama yako, ni mama yako mkubwa tu," Mama Mkubwa alikwenda mlangoni kwake, na alichosema huko sitakirudia mbele ya watu wenye heshima zao. Tangu hapo neno "si mama yako" halikutamkwa tena kwenye nyumba ile. Chakula sahani moja, kofi mkono mmoja. Dereva, aliyekuwa mdogo kwetu wote, alikua akituita Kaka na Dada, na kwa nini asituite? Mtoto wa mama mkubwa ni ndugu yako, huyo humwiti binamu.

Kisha Kaka akafa. Alikuwa mwalimu, mtu wa makamo, mzima kabisa, hajawahi hata kulazwa. Alianguka mbele ya ubao chaki ikiwa mkononi, na watoto wakacheka kwanza, wakidhani mwalimu anafanya vituko. Ile habari ya kucheka ndiyo iliyonikata maini kuliko yote.

Daktari aliyeukagua mwili alituambia misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi, na kwamba jambo lile hutembea kwenye damu ya ukoo. Kwenye damu ya Kaka walikuwa wameona kasoro yenyewe, kwa hiyo sisi tuliobaki tungeweza kupimwa kuitafuta kasoro hiyohiyo. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Asipokuwa nayo, hana cha kumpa mwanawe. Lakini kwanza, daktari akasema, lazima wajue inatoka upande gani na nani yuko kwenye njia yake. Akatupeleka kwa Nesi wa kliniki ya moyo.

Nesi alikuwa msichana mwembamba, mpole wa sauti, asiye na mchezo kazini. Alitandaza karatasi, akaanza kuuliza, na sisi tukaanza kumchanganya.

"Baba yako yuko hai?"

"Yupi?" nikamuuliza.

Akaniangalia. "Una wangapi?"

"Baba aliyenizaa amekufa. Baba mkubwa amekufa. Baba mdogo wa kwanza yupo, baba mdogo wa pili yupo. Halafu kuna baba mwenye duka, lakini yule..."

"Yule ndugu yenu?"

"Jirani," akajibu Mama Mkubwa. "Lakini mtu mzima yule, tumwiteje?"

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama zangu, hapa heshima tunaiacha mlangoni. Mimi natafuta damu. Nendeni nyumbani mkaandike kwanza majina ya udugu peke yake, bila watu. Upande wa baba kushoto, upande wa mama kulia, kila kizazi na safu yake. Kila jina mkubaliane ni mtoto wa nani kwa kuzaliwa. Mkishamaliza hayo, ndipo mweke watu. Mwanamume mraba, mwanamke duara. Aliyekufa mpigeni mstari wa mshazari, na pembeni muandike alikufaje, na umri wake kama mnaukumbuka."

Nikachukua karatasi ya kaki tunayochoria vipimo vya magodoro, nikaipigilia ukutani mwa karakana. Ilikuwa na upana wa godoro la watu wawili. Dereva alikaa juu ya gunia la sufi akila mkate, akitoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

Safu ya juu niliandika babu na bibi, wazaa baba kushoto, wazaa mama kulia. Safu ya pili, kushoto: baba, baba mkubwa, baba mdogo, shangazi. Kulia: mama, mama mkubwa, mama mdogo, mjomba. Hapo palikuwa mteremko. Kazi ilianza safu ya tatu, safu yetu wenyewe. Watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, ndugu. Watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, ndugu vilevile. Watoto wa shangazi kule na watoto wa mjomba huku, hao ndio binamu, hao ndio wa kutaniana nao. Mbele ya kila jina nikaweka kwa herufi ndogo anavyozaliwa: "mtoto wa kaka wa mama," "mtoto wa dada wa baba." Safu ya nne nikaandika watoto na wapwa, ya tano wajukuu.

"Endelea," akasema Dereva. "Vitukuu, vilembwe, vining'ina. Karatasi si ya kununua."

"Wewe hata mke huna, kining'ina utamtoa wapi?"

"Nachagua, Dada. Kitu kizuri hakitaki haraka."

Mama Mkubwa alicheka, nikacheka na mimi. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tumecheka watatu pamoja mbele ya ile karatasi.

Tukaanza kuweka watu. Upande wa baba ulitutia moyo. Upande ule watu hawafi, wanachakaa tu. Baba alikufa mzee, hana jino hata moja. Baba mkubwa vivyo hivyo. Shangazi yuko hai, haoni, hasikii, na bado anagomba. Miraba na maduara, mistari ya mshazari michache, na kila niliyemuuliza Mama Mkubwa jibu lilikuwa uzee, uzee, uzee.

Nikahamia kulia. Babu mzaa mama: alianguka shambani akiwa na nguvu zake, walimkuta na jembe chini yake. Mstari. Mjomba, mwanaume pekee kati yao, fundi ujenzi: alilala mchana kupumzika, hakuamka, kijana kabisa. Mstari. Mama yangu: alianguka akianika nguo. Mstari. Nikashuka safu moja nikampiga Kaka mstari wake, mkono wangu mwenyewe. Nikarudi nyuma kutazama. Mistari ilikuwa imeshuka upande mmoja kama inafuatana. Miaka yote tulikuwa tunasema homa, tunasema jua kali, tunasema kazi ya Mungu haina makosa, kumbe kitu kilikuwa kinatembea ndani ya nyumba.

"Mjomba aliacha mtoto?" nikauliza.

"Hakuacha." Mama Mkubwa alijibu kabla sijamaliza swali. "Andika hakuacha."

Nikaandika. Mama mdogo hatukuwa naye, kwa hiyo kwenye kizazi cha mama akabaki Mama Mkubwa peke yake, duara lisilo na mstari.

"Na mimi je?" Dereva akauliza, mdomo umejaa mkate.

"Wewe utakwenda wapi? Chini ya mama yako hapo."

Nikachora mraba chini ya duara la Mama Mkubwa, nikaunganisha. Yeye alikuwa ametupa kisogo, anapanga nyuzi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Tukapimwa damu watu watatu: mimi, binti wa Kaka, na Mama Mkubwa. Nesi alisema tuanze na hao, wengine wangefuata kutegemea majibu. Tulingoja sana. Nilijifunza kulala huku nasikiliza moyo wangu, na moyo ukishajua unasikilizwa unaanza visa.

Siku ya majibu Nesi alitandaza nakala ya ule mchoro wetu mezani. Mimi sikuwa na ile kasoro. Binti wa Kaka alikuwa nayo, maskini, na hapohapo wakampangia dawa na daktari wa kumfuatilia. Tukalia. Kisha Nesi akamgeukia Mama Mkubwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Mama, wewe huna. Na kwa kuwa huna, hukuweza kumpa mwanao. Mstari wako nimeufunga. Huyu kijana wako hana haja hata ya kuja kupimwa."

Mama Mkubwa akalia. Hakulia kwa furaha, furaha naijua. Alilia kwa kwikwi, kichwa chini, kama mtu aliyefiwa, akakunja ncha ya kanga yake akajiziba nayo mdomo. Nesi akadhani analia kwa ajili ya binti wa Kaka, akampa maji. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilitaka kudhani hivyo.

Lakini tangu siku ile nyumba ikabadilika. Mama Mkubwa akaacha kula vizuri. Akaanza kumkataza Dereva kubeba magodoro. "Acha, wape vijana wa stendi." Dereva anacheka, anajitwika. Siku nyingine nikamkuta bibi mzima wa umri ule amejitwika godoro mwenyewe, yuko ngazi ya pili, jasho linamtoka, Dereva anamfuata nyuma akipiga kelele, "Mama, watu watasema nakutesa!" Usiku nikiamka namsikia amesimama mlangoni pa chumba cha Dereva, kimya, anasikiliza. Nikajiuliza, kwa nini? Huyu kaambiwa mwanawe mzima. Anaogopa nini?

Halafu nikaanza kumwangalia Dereva kwa jicho lingine, na laiti nisingemwangalia. Akirudi kutoka ghorofani anakaa kwenye ngazi ya chini, anajifanya anafunga kamba za viatu. Nilimhesabia mara nyingi kufunga kamba. Viatu vyake vingine havina hata kamba. Mkono wake mmoja unakwenda kifuani, anajisugua taratibu, akiniona anautoa.

"Una nini?"

"Pumzi tu, Dada. Uzee unaniita."

Kaka naye alikuwa akisema hivyohivyo, "pumzi tu." Nikaingia ndani ya karakana, nikafunga mlango wa bati, nikasimama mbele ya Mama Mkubwa.

"Dereva ni mtoto wa nani?"

Sikuwa nimepanga kuliuliza hivyo. Lilitoka. Naye hakunitolea sindano, hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alikaa chini kwenye pamba, taratibu.

"Wa mjomba wako," akasema.

Akanieleza bila kuniangalia. Mjomba alipokufa alikuwa na mwanamke ambaye hawakufunga ndoa, na mtoto wa kunyonya. Yule mwanamke akapata mume mwingine, naye hakutaka mtoto wa mtu. Mama Mkubwa wakati ule aliishi mji mwingine na mumewe, hawajajaliwa. Akaenda, akampokea mtoto mlangoni, na aliporudi kwetu baadaye alirudi na mtoto mgongoni na kila mtu akampongeza. Waliojua ni mumewe na mama yangu. Wote wamekwenda.

"Nilimwapia mume wangu kwamba mtoto huyu hatasikia kamwe kuwa si wetu," akasema. "Nikajiapia na mimi."

"Na ulipoona nachora mraba chini yako?"

"Niliona."

"Mama Mkubwa! Uliona ukanyamaza?"

"Nilisema labda Mungu atapitisha mbali. Nusu kwa nusu, si walisema? Nikasema nusu ya kupona ndiyo yake." Akanishika mkono. "Wewe mwambie akapimwe. Mwambie tu akapimwe, usimwambie kwa nini. Nakuomba, mwanangu."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto, lakini huyu ndiye aliyenifuta machozi ya mama yangu, nitamfanya nini? Nikajaribu alivyotaka. Nilimwambia Dereva, kapime, si vibaya. Akacheka. Nikambembeleza. Akakataa. Nikamgombeza, na hapo akanishika bega akanisogeza hadi kwenye karatasi ukutani.

"Dada, si mkono wako huu? Nesi amesema mama hana, basi hakunipa. Huu ni mraba wangu, huu ni mstari wangu, na umefungwa. Sasa mimi ugonjwa niutoe wapi, nikauazime?"

Kila neno alilosema lilikuwa kweli, kwa jinsi nilivyoandika mimi. Nilitazama upande wa kulia, mjomba, "hakuacha mtoto," na chini yake patupu.

Siku chache baadaye tulipata mzigo wa magodoro mazito ya watu wawili, kwenda ghorofa ya juu kabisa. Dereva aliegemeza la kwanza ukutani, akainama apate kulitwika. Nikamwona amesita. Rangi ya uso ilikuwa imemtoka, midomo imekauka, na bado anatabasamu ili tusimwone. Akalitia kichwani akageuka mlangoni.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama hapo, katikati ya mlango.

"Weka chini."

"Mama, mteja anangoja."

"Nimesema weka chini."

"Mama, haya mambo tumeshamaliza. Wewe mzima, mimi mwanao, kwa hiyo mimi..."

"Sikukuzaa."

Kwanza alicheka. Alidhani ni mbinu mpya. Akanigeukia mimi ili tucheke wote, na mimi sikucheka. Nilimwona akinisoma uso, kisha akamrudia Mama Mkubwa.

"Baba yako ni kaka yangu," akasema Mama Mkubwa. Sauti ilikuwa kavu, haikutetemeka hata kidogo, sijui aliitoa wapi. "Yule aliyelala mchana asiamke. Mimi ni shangazi yako. Kile alichokuwa nacho alikuwa nacho yeye, si mimi. Kwa hiyo weka godoro chini, uende kliniki."

Godoro lilimteleza kichwani lenyewe. Vumbi likajaa chumba kizima, na kwa muda hatukuonana.

Dereva alichukua funguo za pikapu, akaziweka mezani, akatoka kwa miguu. Mama Mkubwa akamfuata, nami nikamfuata Mama Mkubwa bila kufunga mlango. Tukatembea hivyo mpaka kliniki, Dereva mbele, sisi nyuma, mwendo wa taratibu kwa sababu alikuwa akisimama kupumua.

Nesi aliutoa ule mchoro wetu. Nikamweleza kwa maneno machache. Hakushangaa, au alijua kuficha. Alifuta mstari uliounganisha mraba na Mama Mkubwa, akachora mwingine kutoka kwa mjomba, akaweka alama ya mabano kuonyesha mtoto aliyelelewa na mwingine. Kisha akamgeukia Dereva, kalamu mkononi, kujaza fomu ya kumpokea.

"Umesindikizwa na nani leo?"

Dereva alikuwa anatazama sakafu. Nilijua Mama Mkubwa ameacha kupumua, maana na mimi niliacha.

"Shangazi yangu," akasema.

Ndivyo alivyo kwa damu. Nesi akaandika.

Kasoro ile Dereva alikuwa nayo. Walipomwangalia moyo kwa ile mashine ya picha, daktari alisema ule ukuta wa kati umenenepa kuliko ulivyokuwa wa Kaka, na ngazi zile, godoro moja zaidi, mawili, hakutaka kumaliza. Amekatazwa kubeba mizigo. Anakunywa dawa, na wamemwekea kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, cha kuushtua moyo ukipotea njia. Amepanga chumba kwingine, amepata kazi ya kukaa. Anakuja kutuona, anakaa kidogo juu ya gunia la sufi, ananitania kwamba sasa mimi ni binamu yake kwa hiyo ruhusa anayo.

Akiingia anamwamkia Mama Mkubwa, "Shikamoo, shangazi." Mama Mkubwa anaitikia marahaba. Dereva akishaondoka, Mama Mkubwa anafunga mlango wa bati, anarudi mezani, anaiokota sindano, na ananiambia mimi, au anajiambia mwenyewe, "Yu hai." Analisema kila akija. Yu hai, na hajamwita mama tena.